Barua ya Wateja Inayoleta Oda

Tuchukue mfano wa mkaanga kahawa wa Moshi mwenye wateja 300 kwenye orodha yake ya barua pepe. Kila mwezi huwatumia barua yenye mada "Jarida Letu la Agosti". Ndani mna picha ya mashine mpya, bei za kahawa, ombi la kumfuata Instagram na dodoso la maoni. Mteja anaifungua akiwa kwenye daladala, anakuta mambo manne yanamsubiri, anaifunga bila kufanya hata moja.

Ombi linatakiwa liwe moja, na lichaguliwe kabla ya kuandika chochote. Tuseme Ijumaa anakaanga kahawa ya Kibosho, na anataka kila mfuko uwe umeshapata mwenyewe kabla moto haujawashwa. Jumanne anaandika hivi:

Mada: Kahawa ya Kibosho: oda mwisho Alhamisi

"Tunakaanga Ijumaa asubuhi, na mzigo unatoka siku hiyo hiyo. Ipo mifuko 80 ya gramu 250, Sh 9,000 kila mmoja. Oda zinafungwa Alhamisi saa 6 mchana."

Kitufe: Weka oda ya Ijumaa

Basi. Mashine mpya itasubiri barua nyingine. Simu hukata mada ndefu, ndiyo maana bidhaa imetangulia na siku ya mwisho ikafuata papo hapo. Kitufe nacho kinaeleza kitakachotokea, jambo ambalo "Bofya hapa" haliwezi. Kikiunganishwa na kiungo cha wa.me, kinafungua WhatsApp ujumbe wa oda ukiwa umeshaandikwa, na mteja anabaki na kazi ya kuutuma tu.

Mada ikiahidi kitu, barua lazima ikitoe. Wapo wanaoandika "Re:" ili ionekane ni jibu, au "Nafasi ya mwisho!" wakati stoo imejaa. Mteja hudanganyika mara moja. Mara ya pili anairipoti kuwa barua taka. Google huwataka watumaji wabaki chini ya malalamiko 0.3%, yaani watu 3 katika 1,000. Kwa orodha ndogo, hata wateja wachache waliokasirika ni wengi.

Kampeni ya Barack Obama ya 2012 ilijaribu mada kadhaa kwa makundi madogo kabla ya kutuma kwa wote. Mada iliyosema kwamba mgombea atazidiwa matumizi na wapinzani iliingiza zaidi ya dola milioni 2.6. Lakini wao walikuwa na anwani mamilioni. Kwa watu 300, tofauti ya oda mbili tatu inaweza kuwa bahati tu, kwa hiyo mkaanga kahawa alinganishe barua za miezi kadhaa.

Na ahesabu oda, si waliofungua. Tangu 2021, programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha zilizomo hata kabla msomaji hajaigusa barua, na mfumo ukahesabu kwamba imefunguliwa.