Yasiyoandikwa Kwenye Leja ya Maabara

Fundi wa maabara ya shule anapohamishwa au kustaafu, mwalimu mkuu humdai vitu viwili: funguo na leja. Leja itaonyesha kwamba kabatini mna chupa mbili za asidi ya haidrokloriki, bureti hamsini na mtungi wa gesi. Haitaonyesha kwamba chupa moja imefunguliwa mara nyingi hata asidi yake ikapungua nguvu, wala kwamba bureti sita kati ya hizo hamsini zinavuja, wala kwamba vichomeo vya meza ya mwisho hufifia kila mtungi unapokaribia kwisha. Mrithi atayagundua hayo mwenyewe, na aghalabu atayagundua Oktoba au Novemba, watahiniwa wa kidato cha nne wakiwa wamejipanga mlangoni.

Kwa sababu hiyo fundi mwenye kuijali kazi yake huacha daftari la pili kando ya leja. Humo huandika jinsi maabara yenyewe inavyokwenda: kipi kikaguliwe na lini, kipi huisha haraka, na hitilafu ikitokea dalili zake ni zipi. Hebu tulitazame daftari la namna hiyo katika maabara ya kemia ya shule ya sekondari iliyoko Pwani ya Kenya, mahali ambapo mambo mengi huanzia kwenye maji.

Visima vingi vya Pwani vina maji ya chumvi, na hata maji ya mfereji huwa na chumvi za kila aina zilizoyeyuka ndani yake. Kuoshea vyombo hayana neno. Lakini katika karatasi ya vitendo mtahiniwa hupewa unga asioujua, auyeyushe na kutafuta umo nini. Akitia matone ya nitreti ya risasi, weupe unaotokea humwambia kwamba huenda kuna kloraidi, salfeti au kaboneti. Sasa ikiwa maji aliyopewa yalikuwa na salfeti na kaboneti tangu awali, mchanganyiko utafanya ukungu hata pale ambapo unga wenyewe hauna kitu. Darasa zima litaandika jibu moja, nalo ni kosa, na hakuna aliyekosea ila chupa ya maji.

Kinachotakiwa ni maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji tena. Kuyapima ni kazi ya dakika moja. Tia maji kidogo katika neli ya majaribio, ongeza matone mawili ya asidi ya nitriki isiyo kali, kisha tone la nitreti ya fedha, na uiangalie neli mbele ya kitu cheusi. Yakibaki maangavu, yanafaa. Yakifanya ukungu mweupe kama ya kuoshea mchele, yana kloraidi, basi yarudishe. Kipimo hiki kifanywe kila dumu jipya linapofunguliwa, hata kama muuzaji ni yule yule wa miaka yote. Na kama shule ina mtambo wake wa kukeneka, daftari liseme magadi hujikusanya upande gani wa koili ya kupashia moto. Koili iliyofunikwa magadi huchelewa kuchemsha maji, na mwishowe huungua.

Baada ya maji huja asidi, na hapo ndipo mrithi mgeni hutegwa na vitabu. Vitabu humwambia kwamba asidi kali ya haidrokloriki inayouzwa madukani ni ya asilimia 36 hivi, na kwamba mililita 8.6 zake zikitiwa katika maji hadi kufika lita moja hutoa myeyusho wa mola 0.1. Hesabu hiyo ni sahihi kwa chupa mpya. Lakini asidi hii ni gesi iliyoyeyushwa katika maji, na ule moshi unaowasha pua kila kifuniko kinapofunguliwa ni nguvu yake inayotoka. Kwenye joto la Pwani hutoka kwa kasi zaidi.

Chukua shule yenye watahiniwa arobaini. Kila mmoja akihitaji mililita 150, jumla ni lita sita. Fundi hutengeneza nane, maana kuna watakaomwaga na mwalimu naye sharti apime. Kwa hesabu ya kitabu hupima mililita 69 za asidi kali na kuzitia katika maji. Hapa mpangilio ni mmoja tu, nao haubadiliki: asidi huenda kwenye maji, maji hayaendi kwenye asidi, kwa sababu joto linalozuka huweza kuchemsha yale maji machache juu ya asidi na kuirusha machoni. Kisha huujaribu myeyusho wake. Hupima gramu 5.3 za kaboneti ya sodiamu iliyokaushwa vizuri, huziyeyusha hadi lita moja, huchukua mililita 25 kwa pipeti, hutia matone mawili ya methaili orenji, na kuanza kudondosha asidi kutoka kwenye bureti. Asidi ikiwa kweli ni ya mola 0.1, rangi ya njano itageuka kuwa ya chungwa bureti ikisoma 25.

Tuseme imesoma 27.5. Maana yake asidi ni dhaifu, kwani imebidi itumike nyingi kufanya kazi ile ile. Gawanya 25 kwa 27.5 na unapata kwamba nguvu iliyopo ni takriban asilimia 91 ya inayotakiwa. Mililita 69 zimetoa asilimia 91, basi asilimia 100 zitatolewa na mililita 76 hivi. Fundi huongeza mililita saba, hukoroga, hupima tena, na bureti sasa inasoma 25. Halafu huandika kwenye chupa kwa kalamu isiyofutika: "Chupa hii ni mililita 9.5 kwa lita, si 8.6. Ipime tena kabla ya kila mtihani."

Kuna jambo jingine kuhusu myeyusho huo ambalo mrithi asipoambiwa hatalijua mapema. Katika mtihani wa KCSE, mwalimu wa somo naye hufanya jaribio lile lile kwa miyeyusho ile ile, na matokeo yake hutumwa pamoja na karatasi za watahiniwa. Msahihishaji hulinganisha jibu la mtahiniwa na kipimo hicho cha shule. Kwa hiyo asidi iliyo dhaifu kidogo kwa watu wote haimwonei mtu. Kinachoonea ni asidi isiyo sawa: fundi aliyetengeneza lita nne jana na nne leo, katika ndoo mbili, ametengeneza miyeyusho miwili. Nusu ya chumba italinganishwa na kipimo ambacho si chao. Daftari liseme waziwazi kwamba vyote vichanganywe ndani ya dumu moja kubwa, vikorogwe, ndipo vigawanywe. Na lieleze dumu hilo limehifadhiwa wapi na halitumiwi kwa kazi nyingine.

Haidroksaidi ya sodiamu ina ubaya wake. Punje zake hunyonya unyevu na kaboni daioksaidi kutoka hewani, na ukiona zimeshikana au zinang'aa kwa majimaji, jua kwamba gramu nne ulizopima si gramu nne za dawa. Zipime upesi, funga kopo, kisha upime nguvu ya myeyusho kwa ile asidi uliyokwisha kuirekebisha. Usiuweke kwenye chupa yenye kizibo cha kioo, kwani dawa hii hula kioo taratibu na kizibo hakitang'oka tena. Weka kizibo cha mpira au plastiki.

Hicho ndicho kinachoua bureti pia. Wanafunzi wakiziacha na haidroksaidi usiku kucha, bilula ya kioo huganda, na anayeilazimisha huivunja. Kila kipindi kikiisha zisuuzwe kwa maji, bilula zichomolewe, na kipande cha karatasi kiwekwe katikati. Kupaka mafuta ya vaselini ni kidogo sana, pembeni mwa tundu, maana yakizidi huziba njia. Kujua inayovuja, zijaze zote maji hadi alama ya sifuri, ziache dakika kumi, kisha upite ukizisoma. Iliyoshuka iwekwe alama ya utepe mwekundu na itumiwe na wanafunzi wanaoanza kujifunza kusoma kipimo, isiingie chumba cha mtihani.

Kuhusu gesi, kwanza kabisa mrithi aonyeshwe kwa mkono valvu kuu ilipo, ambayo hufungwa kila jioni. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kujaa kwenye mitaro na chini ya makabati, ambako pua ya mtu aliyesimama haifiki. Viungo vyote hupakwa povu la sabuni mwanzo wa muhula, na mapovu yakifura hapo pana tundu. Mipira huanza kupasuka karibu na pale inapovishwa kwenye kichomeo. Ikunje, na ukiona nyufa ibadilishe.

Hitilafu za moto husomeka zenyewe kwa anayejua kutazama. Kichomeo kimoja kikififia peke yake, tundu lake dogo la gesi limeziba kwa masizi au utando wa buibui. Vyote vikififia pamoja, mtungi unaisha: upime kwenye mizani na utoe uzito wa mtungi mtupu uliochapwa juu yake. Vya meza ya mwisho tu vikififia wakati vya mbele viko sawa, gesi haina nguvu ya kufika huko, basi punguza vichomeo vinavyowashwa kwa pamoja. Na moto ukiruka ukaingia ndani ya kichomeo kwa mvumo, funga gesi, usikiguse mpaka kipoe, kisha kiwashe tundu la hewa likiwa limefungwa.

Vitu vinavyoisha vinahitaji maelezo machache tu, iwapo yameandikwa kwa njia inayosaidia. Kusema "karatasi za kuchujia, pakiti tatu" hakumpi mrithi kitu. Aandikiwe kwamba somo moja la kuchuja kwa darasa la wanafunzi 45 humaliza karibu nusu ya pakiti ya karatasi mia. Hapo ataweza kuagiza kabla ya mtihani wa majaribio. Aambiwe pia vitu visivyongoja: wanga uliochemshwa huchacha baada ya siku chache, kwa hiyo utengenezwe asubuhi ya somo, na fuwele za salfeti ya chuma zilizo kijani zikipata rangi ya kutu zimekwisha haribika, hata kama kopo limejaa.

Mwisho wa orodha pawekwe rafu ya chini, ile yenye chupa zisizo na lebo. Karibu kila maabara ya zamani inayo. Fundi anayeondoka ndiye pekee anayeweza kukumbuka ile ya kahawia ilikuwa ya nini, na afadhali akae siku nzima na mrithi wake wakizitaja moja moja na kubandika lebo. Zitakazobaki bila jina zisifunguliwe, zisinuswe, wala zisimwagwe kwenye sinki. Zifungiwe kwenye sanduku lenye mchanga, idadi yake iandikwe, na barua impelekee mwalimu mkuu ili shule iombe NEMA, mamlaka ya mazingira, iwaelekeze kwa mtu mwenye leseni ya kuziteketeza. Nakala ya barua hiyo ibandikwe ndani ya daftari, ikiwa na tarehe na sahihi za wote wawili.