Kochi Linaloelea Pichani

Mwenye nyumba ya wageni anataka kuona ukumbi wake wa mapokezi utakavyopendeza kabla hajanunua chochote. Anapiga picha ya ukumbi mtupu kwa simu, anatafuta picha ya kochi alilolipenda, na fundi anakata kochi hilo na kulibandika sakafuni. Rangi zinalingana, kivuli kimewekwa, lakini kila anayetazama anahisi kuna kasoro: kochi linaelea, au limeinama kama linataka kuteleza. Fundi anarudi kuhangaika na mwanga, na kasoro haiondoki, kwa sababu haimo kwenye mwanga. Ukumbi ulitazamwa na kamera iliyokuwa mahali fulani, kochi likatazamwa na kamera iliyokuwa mahali pengine kabisa.

Basi kazi ya kwanza ni kujua kamera ya ukumbi ilikuwa wapi, na picha yenyewe inasema. Tafuta mistari ambayo ukumbini ipo sambamba na inaelekea ndani: pale ukuta unapokutana na sakafu, pale unapokutana na dari, viungo vya vigae. Ichore juu ya picha kwa rangi inayoonekana, kisha irefushe. Itakutana mahali pamoja, na hapo ndipo penye nukta ya kutoweka. Pitisha mstari wa mlalo kwenye nukta hiyo. Huo ndio upeo wa macho wa picha, na upo kwenye kimo kilekile ambacho lenzi ilikuwa nacho kutoka sakafuni.

Tuuchukue ukumbi mmoja kama mfano. Picha ina pikseli 4000 kwa 3000, na upeo wa macho umepita katikati kabisa ya kimo chake. Hiyo ni dalili njema: simu ilishikwa wima, haikuinamishwa. Mlango wa ukuta wa mwisho una kimo cha sentimita 200, na pichani una pikseli 800. Pikseli 600 kati ya hizo ziko chini ya upeo wa macho, yaani sentimita 150. Kwa hiyo kamera ilishikwa sentimita 150 kutoka sakafuni.

Namba hiyo moja inafungua picha nzima. Ukisimama popote sakafuni, mbele au nyuma, kutoka hapo kwenda juu hadi upeo wa macho ni sentimita 150. Mwitaliano Leon Battista Alberti aliwaeleza wachoraji jambo hilihili mwaka 1435: watu wa kimo kimoja na mtazamaji waliosimama kwenye sakafu moja naye, vichwa vyao hufuata mstari mmoja hata kama miguu yao iko mbali au karibu. Hatukisii tena ukubwa wa kitu. Tunaupima.

Tuanze na kibao cha MAPOKEZI chenye upana wa sentimita 120 na kimo cha 60, kinachokwenda kwenye ukuta wa kushoto. Tunataka ukingo wake wa chini uwe sentimita 150 kutoka sakafuni, kwa hiyo ukingo huo utalala juu ya upeo wa macho bila kuinama hata kidogo. Kwa upana, tunahesabu vigae vinne vya sentimita 30 kando ya ukuta, na kutoka ncha zote mbili tunapandisha mistari ya wima. Kwenye ncha ya karibu, sakafu iko pikseli 900 chini ya upeo wa macho. Hizo ni sentimita 150, basi sentimita 60 za kibao ni pikseli 360. Kwenye ncha ya mbali sakafu iko pikseli 720 chini, na kimo cha kibao kinakuwa pikseli 288. Ukirefusha ukingo wa juu, utafika kwenye nukta ya kutoweka. Usipofika, kuna pembe iliyokosewa.

Linaloshangaza wengi ni upana. Katika ukumbi wetu kamera ilikuwa mita 2 kutoka ukuta huo, na kibao cha sentimita 120 kinachukua pikseli 240 tu za upana. Fundi asiyepima hukiacha kirefu kwa kuogopa maandishi yasisomeke, na ukuta mzima unaonekana umevutwa. Halafu usikibane kibao kwa upande tu. Nusu ya karibu itachukua pikseli 133 na nusu ya mbali 107, kwa hiyo herufi za mwanzo lazima ziwe nene kuliko za mwisho. Kwenye GIMP zana ya Perspective (Shift+P) inalifanya hilo yenyewe ukishika pembe nne, na kwenye Photoshop ni Edit > Transform > Distort. Ukitaka kuhakiki, chora mistari miwili kutoka pembe hadi pembe ya kibao: inapokatana ndiyo katikati ya kweli, na haitakuwa nusu kwa nusu kwa rula.

Kibao kinakubali kuvutwa hivi kwa sababu ni bapa. Kochi halikubali, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika.

Kochi letu lina urefu wa sentimita 200, kina cha 90, na mgongo wenye kimo cha 80. Tunaliweka likitazama kamera, ukingo wake wa mbele ukiwa pikseli 1200 chini ya upeo wa macho. Pale kila sentimita ni pikseli 8, kwa hiyo mbele kochi lina upana wa pikseli 1600. Lakini mgongo hausimami pale. Uko vigae vitatu nyuma, ambako sakafu iko pikseli 960 chini ya upeo wa macho na kila sentimita ni pikseli 6.4. Mgongo wa sentimita 80 unapata pikseli 512. Aliyetumia kipimo cha mbele kwa kochi zima ataupa pikseli 640, na kwa macho ya mtazamaji huo ni mgongo wa mita nzima.

Sasa tuseme picha ya kochi ilipigwa kwa kamera iliyokuwa chini, sentimita 70 kutoka sakafuni. Kiti chake kinaonekana kama utepe mwembamba, wakati anayetazama kutoka sentimita 150 angekiona kikiwa wazi, mito yote juu. Hakuna kuvuta pembe kutakakoleta sehemu ambayo kamera haikuiona. Kinachotokea ni mikono ya kochi kuegemea nje na miguu kukosa mahali pa kukanyaga. Mimi nasema wazi: picha ya namna hiyo iachwe, hata kochi liwe zuri kiasi gani.

Picha inayofaa ipigwe kwa kimo cha sentimita 150, na umbali nao unajulikana. Kutoka mbele hadi nyuma ya kochi kipimo kimeshuka kutoka 8 hadi 6.4, maana yake umbali umeongezeka kwa robo. Robo hiyo ni sentimita 90, basi kamera ilikuwa sentimita 360 kutoka ukingo wa mbele. Zumu haibadilishi kitu, umbali ndio unaobadilisha. Na kama kochi litakaa mita 1 kushoto kwa nukta ya kutoweka, mpigapicha asimame mita 1 kulia kwa katikati ya kochi, lenzi ikitazama mbele moja kwa moja.

Hesabu hii ina mipaka. Simu ikiinamishwa, mistari ya wima ya kuta huanza kukaribiana na vipimo vya kimo vinapotoka, kwa hiyo picha inyooshwe kwanza. Lenzi pana sana ya simu nayo hupinda mistari pembezoni. Ukiweka rula kwenye kiungo cha vigae na kiungo kikakataa kunyooka, nukta utakayoipata si ya kuaminika.

Kwa hiyo wewe unayempelekea fundi picha ya chumba chako, pima kwa tepu kimo cha simu kutoka sakafuni, kimo cha mlango na upande wa kigae kimoja, uviandike na kuvituma pamoja na picha.