Kuharisha Kabla ya Mtihani: Jinsi Hofu Inavyoharakisha Utumbo

Na Mwandishi Wetu, Kilwa

Asubuhi ya siku ya kwanza ya mtihani wa Taifa wa kidato cha nne, mtahiniwa wa Kilwa Masoko aliyelala akiwa mzima anaweza kwenda chooni mara tatu kabla ya saa 2:00. Choo ni chepesi, haja inamjia ghafla, na wazazi hujiuliza iwapo samaki wa jana ndiye aliyemdhuru. Mara nyingi chanzo si chakula bali ni hofu, na njia inayopitia hofu hiyo kutoka ubongoni hadi tumboni inafahamika kitaalamu.

Ubongo unapohisi tishio, sehemu yake iitwayo haipothalamasi hutoa kichocheo cha kuuandaa mwili. Kichocheo hicho huamsha pia amri zinazoshuka kupitia uti wa mgongo hadi kwenye neva za kiunoni zinazoendesha utumbo mpana, nao huanza kujikaza kwa kasi. Wakati huohuo, tumbo la chakula hupunguza kasi yake. Ndiyo maana mtahiniwa huyo hushindwa kumaliza chai na muhogo, ilhali anakimbilia chooni.

Kwa siku, takriban lita 1.5 za majimaji huingia katika utumbo mpana, na sehemu kubwa hufyonzwa na kurudi mwilini. Kazi hiyo huhitaji muda. Utumbo ukisukuma haraka, maji hubaki ndani ya choo. Aidha, neva za utumbo hupeleka taarifa ubongoni, na ubongo wenye hofu huzipokea kwa ukali zaidi, hivyo hata kiasi kidogo cha choo huhisiwa kuwa haja isiyoweza kusubiri.

Hata hivyo, si kila kuharisha siku ya mtihani kunatokana na hofu. Kule kwa hofu huanza tukio linapokaribia, huwa kwa kiasi kidogo, hakumwamshi mtu usingizini, na hukoma mara tukio linapopita. Choo chenye damu, homa, au kuharisha kunakoendelea baada ya mtihani ni dalili za ugonjwa. Choo kingi cha majimaji kinachofanana na maji ya mchele, hasa kikiambatana na kutapika, kinaweza kuwa kipindupindu. Mgonjwa huyo aanze kunywa maji ya ORS na apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Kwa mwenye hofu, saa ya kula ina umuhimu, kwa kuwa chakula kikiingia tumboni huamsha utumbo mpana. Akipata kifungua kinywa chepesi saa 12:00, ataweza kumaliza haja nyumbani kabla ya kuondoka. Kahawa iachwe, kwani nayo huuchochea utumbo. Kuvuta pumzi taratibu, kuitoa kukiwa kwa muda mrefu zaidi kuliko kuivuta, husaidia kutuliza neva.

Hali hiyo ikijirudia kwa wiki kadhaa hata pasipo mtihani, uchunguzi wa daktari unahitajika.