Je, Wajua? Mabati Hayana Bati

Je, wajua kwamba paa la mabati unaloliona Kondele, Kisumu, kwa kawaida halina bati? Ni bamba la chuma lililopakwa zinki, au zinki na alumini. Bati la kemia ni elementi nyingine kabisa, yenye alama Sn. Mwandishi wa kitabu cha sekondari akiandika “bati hushika kutu”, mwanafunzi atakubali kwa sababu ameona paa la kwao, na hapo ameshajifunza kosa: kutu ni ya chuma. Dawa ni ndogo. Jina litokeapo mara ya kwanza liandikwe na alama yake, bati (Sn), na neno mabati libaki juu ya nyumba.

Je, wajua kwamba alama haitafsiriwi? Sodiamu hubaki Na popote duniani.

Je, wajua kwamba magadi yanayolainisha mboga ya apoth jikoni Kisumu si kemikali moja? Yale yanayochimbwa Ziwa Magadi, kule Kajiado, yana kaboneti ya sodiamu, Na₂CO₃, na kaboneti hidrojeni ya sodiamu, NaHCO₃, zikiwa zimeshikamana na maji ndani ya fuwele moja. Kwa hiyo neno magadi, zuri kama lilivyo, haliwezi kuwa jina la mojawapo.

Hapo huzuka swali la mpangilio: sodiamu kaboneti au kaboneti ya sodiamu? La kwanza hufuata fomyula, Na mbele. La pili hufuata sarufi yetu. Mimi nachagua la pili, maana mtoto anayesema “mboga ya apoth” hahitaji kufundishwa “apoth mboga”. Lakini likichaguliwa, lishikwe hadi ukurasa wa mwisho. Yakichanganywa, msomaji atadhani ni vitu viwili.

Je, wajua kwamba irabu chache zinaweza kugeuza chakula kuwa sumu? Naitreti ni NO₃⁻, naitraiti ni NO₂⁻. Ya kwanza husombwa na mvua kutoka mashamba yenye mbolea hadi ziwani Kisumu, ikalisha gugumaji. Ya pili, hata ikiwa kidogo, huharibu damu ya samaki isibebe oksijeni, ndiyo maana mfugaji wa ngege hupima maji ya kidimbwi chake. Kiambishi -eti huashiria oksijeni nyingi zaidi kuliko -aiti, na -aidi kwa kawaida huashiria kwamba oksijeni haipo katika sehemu hiyo ya jina: salfeti SO₄²⁻, salfaiti SO₃²⁻, salfaidi S²⁻. Ukiandika nitrati sura ya pili na naitreti sura ya tano, ngazi hiyo imevunjika.

Je, wajua kwamba Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI, Dar es Salaam, mwaka 1990? Kemia ya sekondari nchini Kenya hufundishwa kwa Kiingereza, hivyo mfasiri wa Kisumu aanzie kwenye kamusi hiyo kabla ya kubuni neno lake. Akitofautiana nayo, aandike orodha ya majina yake mwanzoni mwa kitabu, kila jina na alama yake.