Dakika kumi na mtoto anayeanza kusoma

Baada ya chakula cha jioni, kaeni pamoja, kitabu kikiwa mbele ya mtoto, si mikononi mwako. Dakika 10 zinatosha. Akianza kupiga miayo, fungeni.

Kwanza asome silabi chache ulizoandika kwenye karatasi: ma, ta, ka, me. Zichanganye kila siku, maana zikizoea kufuatana ataziimba bila kuzitazama.

Kisha asome ukurasa mmoja huku kidole chake kikifuata maneno. Tuseme amekwama kwenye "kamata". Usimtajie. Hesabu kimoyomoyo hadi 5, halafu funika "mata": atasoma "ka". Fungua "ma", kisha "ta", mwishowe alitamke neno zima bila kulikatakata. Kwenye "ng'ombe", usitenganishe ng', ni sauti moja. Akikwama karibu kila mstari, kitabu ni kigumu. Tafuta chepesi zaidi.

Anasoma kweli au amekariri? Funika picha, umwonyeshe neno la katikati ya sentensi. Aliyekariri atalazimika kuanza sentensi upya.

Malizia kwa kumsomea wewe hadithi aipendayo, kisha umuulize swali moja tu la "kwa nini". Yakizidi, atadhani ni mtihani.