Oksijeni Inapoikataa Nyutroni ya Kumi na Saba

Karibu oksijeni yote tunayoivuta ina protoni 8 na nyutroni 8 ndani ya kiini cha kila atomu. Protoni ndizo zinazoipa jina lake. Zikiwa 8 ni oksijeni, zikiwa 9 ni florini, hata nyutroni ziwe ngapi. Kwa kuwa nyutroni haina chaji ya umeme, haisukumwi na wenzake kama protoni zinavyosukumana, na mtu anaweza kudhani kwamba kiini cha oksijeni kitazipokea nyutroni bila kikomo. Lakini kikifikisha nyutroni 16 hakiongezi nyingine. Ya kumi na saba hudondoka, na ndiyo maana mpaka huu tunauita mstari wa mdondoko.

Mpaka huo husomwa kwa kipimo kimoja: nishati ya kutenganisha, yaani nishati unayopaswa kuitoa ili kuing'oa nyutroni moja kutoka kwenye kiini. Ichukulie kama bei ya kumtoa mkazi nyumbani kwake. Bei yenyewe hupatikana kwa kupima masi, kwa sababu kiini kizima kina masi ndogo kuliko jumla ya vipande vyake vikiwa mbalimbali. Kilichopungua ni nishati iliyoachiwa vipande viliposhikana, na lazima irudishwe ukitaka kuvitenganisha.

Tuhesabu kwa oksijeni yetu ya kawaida, oksijeni-16. Kuitawanya kabisa, protoni na nyutroni zote zibaki mojamoja, kunahitaji elektronivolti milioni 127.62. Oksijeni-15, iliyopungukiwa nyutroni moja, inahitaji milioni 111.96. Tofauti ni milioni 15.66, na hiyo ndiyo bei ya nyutroni ya nane. Ukiongeza nyutroni ya tisa ukapata oksijeni-17, bei ya hiyo mpya ni milioni 4.14 tu. Imeshuka ghafla kwa sababu nane za mwanzo zilijaza ngazi za chini, na ya tisa imelazimika kukaa ngazi ya juu, mahali ambapo haishikiliwi kwa nguvu.

Ya kumi inapata bei ya milioni 8.04. Imepanda tena! Sababu ni kwamba nyutroni hupenda kukaa mbilimbili: ya tisa ilikuwa peke yake, na ya kumi imekuja kuwa mwenzake. Hivyo bei hupanda kila idadi inapokuwa shufwa na kushuka inapokuwa witiri, huku mwelekeo wa jumla ukiwa kushuka. Oksijeni-23 ina milioni 2.7 hivi. Oksijeni-24, yenye nyutroni 16, ina milioni 4.2. Kisha oksijeni-25 ina takriban milioni 0.75 chini ya sifuri.

Bei iliyo chini ya sifuri maana yake ni kwamba huhitaji kutoa chochote. Nyutroni hutoka yenyewe na kuacha nishati nyuma yake. Hata hivyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan nchini Marekani waliweza kuipima mwaka 2008, ingawa kiini hicho hakidumu hata kukifikia kitambuzi. Walinasa oksijeni-24 na nyutroni zilizoruka pamoja, wakapima kasi na mielekeo yao, wakarudi nyuma kwa hesabu hadi kwenye kile kilichovunjika.

Hapa ndipo haraka inapoweza kumpotosha mtu. Kukosekana kwa oksijeni-25 peke yake hakuthibitishi kwamba tumefika mwisho, maana nyutroni moja inaweza kukataliwa na mbili zikapokelewa kwa sababu zinashikana. Kwa florini hali ni hiyo hasa. Florini-28 haishikani, florini-29 inashikana, florini-30 haishikani, na florini-31 inashikana. Kwa hiyo ni lazima kuuliza pia bei ya kutoa nyutroni mbili kwa pamoja. Oksijeni-26 iliukosa mpaka kwa unywele: watafiti wa RIKEN nchini Japani walionyesha mwaka 2016 kwamba inapita sifuri kwa elektronivolti 18,000 hivi, kiasi kidogo mno mbele ya mamilioni tuliyokuwa tukihesabu. Oksijeni-28 nayo ilitarajiwa na wengi kuwa imara, kwa kuwa protoni 8 na nyutroni 20 ni idadi ambazo kwa kawaida hujaza ngazi sawasawa. Ilipoonekana hatimaye, katika matokeo ya RIKEN yaliyochapishwa mwaka 2023, ilikuwa inavunjika papo hapo kuwa oksijeni-24 na nyutroni nne.

Kwangu mimi, jambo la kustaajabisha zaidi ni hatua inayofuata. Iongezee oksijeni protoni moja tu, iwe florini, na mpaka unaruka kutoka nyutroni 16 hadi 22. Protoni moja imezifungulia mlango nyutroni sita. Nyutroni na nyutroni huvutana kidogo, kiasi kwamba mbili peke yake haziwezi hata kuunda kiini, ilhali protoni na nyutroni huvutana vya kutosha kufanya hivyo. Protoni ya tisa hukaa nje ya zile nane zilizojaza ngazi zake, na kutoka hapo huzivuta chini nyutroni ambazo katika oksijeni zingedondoka.

Lakini utathibitishaje kwamba kitu hakipo? Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2019, watafiti wa RIKEN walirusha viini vya kalsiamu-48 kwa zaidi ya theluthi mbili ya kasi ya mwanga vikagonga bamba la berili. Viini vilivunjika vipande vya kila namna. Sumaku zilivipinda kulingana na masi na chaji, vitambuzi vikapima muda wa safari na nishati iliyopotea njiani, na kila kipande kikajulikana kwa jina lake. Safari yote haifiki sehemu moja ya milioni ya sekunde, lakini kwa kiini kisichoshikana hata huo ni muda mrefu mno. Florini-31 na neoni-34 zilionekana. Florini-32 na 33, pamoja na neoni-35 na 36, hazikuonekana hata mara moja. Kinachoipa sifuri hiyo uzito ni hesabu ya pembeni: kutokana na jinsi viini jirani vilivyopungua hatua kwa hatua, walikadiria ni vingapi vingepaswa kuonekana kama vingekuwepo. Bila makadirio hayo, sifuri ingeweza kumaanisha tu kwamba hawakungoja vya kutosha.

Upande wa protoni kuna mpaka mwingine, ila huo hauna ukali uleule. Protoni ambayo bei yake iko chini ya sifuri bado huzuiwa na ukuta wa umeme unaozunguka kiini, na huenda ikakaa ndani kwa muda kabla ya kupenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Darmstadt nchini Ujerumani, protoni zilionekana zikichuruzika kutoka lutetiamu-151, ambayo nusu yake huvunjika kwa milisekunde 80 hivi. Kiini hicho kilikuwa kimeshavuka mpaka, na bado kiliweza kunaswa na kupimwa. Nyutroni haina ukuta wa namna hiyo wa kuichelewesha.

Kwa upande wa nyutroni, mstari ulithibitishwa mwaka 2019 hadi neoni, elementi ya kumi. Jaribio hilohilo liliacha tukio moja pekee lililofanana na sodiamu-39. Mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba wamekiona kiini hicho tena, safari hii mara tisa. Kwa hiyo kwa sodiamu mpaka haumo kabla ya nyutroni 28, na kuufunga kunahitaji sifuri mbili zilizokadiriwa vizuri: ya sodiamu-40 na ya sodiamu-41.