Je, Wajua? Manukuu Yasiyotoweka Kabla ya Kusomwa

Je, wajua kuwa kipande cha manukuu kinaweza kuandikwa bila kosa na bado mtazamaji asikimalize? Watayarishaji wengi hushikilia kasi ya herufi 17 kwa sekunde kwa msomaji mtu mzima, nafasi na alama zikihesabiwa. Kuhesabu maneno hakutufai sana sisi, maana kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa.

Je, wajua kuwa mstari nao una kikomo? Kilichozoeleka ni herufi 42, na mistari isizidi miwili. Lakini kukata kwa hesabu tupu huharibu. Chukua maneno haya: “Jana jioni wavuvi wa kijiji chetu walikuwa wamerudi bila samaki hata mmoja, kwa hiyo soko lilifungwa mapema.” Ukijaza mstari wa kwanza mpaka herufi ya 42, unaishia kwenye “walikuwa”, na “wamerudi” inaangukia chini. Kitenzi kimepasuliwa. Kata baada ya “chetu”: mtenda abaki juu, tendo lishuke chini. Mistari inakuwa na herufi 33 na 41.

Sasa muda. Msemaji alianza kwenye sekunde 12.4 akafika “mmoja” kwenye 16.1. Herufi 74 kwa sekunde 3.7 ni 20 kwa sekunde, kasi kubwa mno. Ila alivuta pumzi sekunde nzima kabla ya “kwa hiyo”, na pumzi hiyo ndiyo mali ya mwandishi wa manukuu. Acha kipande kikae hadi 16.9, kasi inashuka hadi kama 16, na unabaki mwanya mdogo wa jicho kutambua kuwa maandishi yamebadilika.

```
1
00:00:12,400 --> 00:00:16,900
Jana jioni wavuvi wa kijiji chetu
walikuwa wamerudi bila samaki hata mmoja,

2
00:00:17,100 --> 00:00:19,100
kwa hiyo soko lilifungwa mapema.
```

Je, wajua kuwa katika muundo huu wa faili, kabla ya milisekunde huwekwa koma? Ukiweka nukta, baadhi ya programu hukataa kipande hicho. Mstari mtupu kati ya vipande nao ni lazima.

Kukaa mno pia ni kasoro. Netflix huweka ukomo wa sekunde 7 kwa kipande; kikizidi hapo, watu huanza kukisoma upya.

Na kama msemaji hakupumua? Hapo ndipo hupunguzwa maneno. Toa “hata mmoja”, zibaki herufi 63, na kasi inatua kwenye 17. “Bila” usiiguse, maana wavuvi watakuwa wamerudi na samaki. Mimi hupunguza pale tu ambapo hakuna pumzi ya kuazima, kwa sababu kiziwi anayesoma midomo huona neno limetamkwa, akalitafuta kwenye maandishi, akalikosa.